Kuzima moto ghorofa ya 20: hesabu ya pampu inaanzia juu, siyo kwenye tenki

Tuseme kuna jengo la ghorofa 20 pale Upanga, Dar es Salaam. Juu ya paa lake kuna tenki la lita 100,000, limejaa mpaka ukingoni. Moto unawaka ghorofa ya juu kabisa. Zimamoto wanapanda, wanaunga mpira wao kwenye haidranti ya ghorofa hiyo, wanafungua. Unadhani maji yataruka umbali gani?

Watu wengi wakiulizwa hivi wanaangalia zile lita 100,000 na kujibu kwamba maji yapo ya kutosha. Maji yapo kweli, ila hayana nguvu. Ghorofa hiyo iko karibu mno na tenki, kwa hiyo maji yatatoka kama ya bomba la jikoni. Ajabu ni kwamba haidranti ya ghorofa ya chini kabisa, mita 70 chini ya tenki hilohilo, itatoa maji kwa kishindo.

Makala hii inafanya hesabu ya pampu na tenki la zimamoto kwa jengo la namna hii, hatua kwa hatua. Jengo letu ni la kufikirika, ila namba zake ni za kawaida kwa majengo marefu. Ukishika jambo moja tu, shika hili: hesabu inaanzia kwenye mdomo wa mpira ghorofa ya juu kabisa, halafu inashuka mpaka kwenye pampu na tenki. Anayeanza kwa kununua tenki na pampu kisha akatumaini maji yatafika juu, anabahatisha.

Kwanza tuelewane kuhusu presha

Presha ya maji tutaipima kwa baa (siyo ile ya kuuzia bia). Kanuni ya kukumbuka ni moja: safu ya maji yenye kimo cha mita 10.2 inatoa presha ya baa 1. Haijalishi tenki ni pana au jembamba, au lina lita 1,000 au 100,000. Kinachohesabika ni kimo peke yake.

Sasa rudi kwenye tenki letu la paani. Kama maji yako mita 5 juu ya haidranti ya ghorofa ya 20, presha yake pale ni 5 ÷ 10.2, yaani takriban baa 0.5. Ukitaka tenki la juu litoe baa 8 kwenye ghorofa hiyo bila pampu, itabidi ulinyanyue mita 82 juu yake. Yaani ujenge mnara mrefu kuliko jengo lenyewe, juu ya jengo lenyewe!

Kwa nini nimetaja baa 8? Kwa sababu kiwango cha Uingereza kinachohusu mabomba ya zimamoto kwenye majengo, BS 9990, katika toleo lake la 2015 kinataka hivyo: haidranti mbili zikiwa wazi kwa pamoja, kila moja itoe lita 750 kwa dakika, na presha kwenye mdomo wake iwe kama baa 8. Wamarekani kwenye NFPA 14 wanataka karibu baa 7 kwenye haidranti ya mbali kabisa. Kiwango cha zamani cha Uingereza kiliridhika na baa 4. Tofauti hiyo ya 4 na 8 iweke kichwani, tutairudia, kwa sababu imewahi kuwa na uzito mkubwa kwenye moto wa kweli.

Mipira miwili, kazi mbili tofauti

Ukipita kwenye korido za jengo refu utaona vitu viwili. Cha kwanza ni mpira mwembamba, mara nyingi mwekundu, uliozungushwa kwenye gurudumu ukutani. Tuuite mpira wa rili. Huu ni wako wewe mkazi au mfanyakazi. Unauvuta na kupambana na moto wa dakika za mwanzo, ule wa kapu la takataka au kochi moja. Unatumia kama lita 30 kwa dakika tu, na mtu mmoja anaumudu.

Cha pili ni haidranti yenyewe, yaani valvu nene kwenye ngazi au karibu na lifti, isiyokuwa na mpira. Hiyo ni ya zimamoto, ambao wanakuja na mipira yao. Haidranti moja inameza lita 750 kwa dakika, sawa na mipira ya rili 25. Usijaribu kuifungua mwenyewe, itakubwaga.

Kwa hesabu, tunachukulia haidranti mbili za juu kabisa zinafanya kazi kwa pamoja, na mipira miwili ya rili ya juu kabisa kwa pamoja:

Haidranti: 2 × 750 = lita 1,500 kwa dakika
Rili: 2 × 30 = lita 60 kwa dakika

Ukiangalia harakaharaka utasema lita 60 ni kidogo, tuunganishe tu rili kwenye pampu kubwa ya haidranti. Baadhi ya majengo yamefanywa hivyo. Lakini subiri tuone presha ya pampu kubwa, ndipo utajua kwa nini ni afadhali rili iwe na pampu yake ndogo.

Kushuka na hesabu mpaka kwenye pampu

Jengo letu lina ghorofa 20, tukihesabu na ile ya usawa wa barabara. Kutoka sakafu moja hadi inayofuata ni mita 3.5. Sakafu ya ghorofa ya juu kabisa basi iko 19 × 3.5, sawa na mita 66.5 juu ya ile ya chini. Haidranti iko mita 1 juu ya sakafu, kwa hiyo ni mita 67.5. Pampu iko besimenti, mita 3.5 chini ya usawa wa barabara. Jumla, pampu inapaswa kunyanyua maji mita 71.

Mita 71 ÷ 10.2 ni baa 7.0. Hiyo ni presha inayoliwa na kimo peke yake. Maji yakifika juu kwa baa 7.0 kutoka kwenye pampu, yanafika yamechoka, hayana chochote cha kurusha. Tunaongeza zile baa 8 tunazozitaka pale juu.

Kuna na mlaji wa tatu, ambaye ni msuguano ndani ya bomba. Bomba la wima la milimita 150 likipitisha lita 1,500 kwa dakika, tukichukua urefu wa mita 100 na kuongeza mita 50 kufidia viwiko, tii na valvu, linapoteza kama baa 0.2. Siyo kitu. Ila mkandarasi akiamua kubana matumizi na kuweka bomba la milimita 100, upotevu unaruka mpaka baa 1.4, karibu mara 7. Kipenyo kimepungua kwa theluthi moja tu! Hii ni kwa sababu msuguano unakua kwa takriban kipeo cha tano cha kipenyo unapokipunguza. Ndiyo maana kubadilisha kipenyo cha bomba bila kurudia hesabu ni kosa kubwa, hata kama kwa macho mabomba yanaonekana yanakaribiana.

Tuchukue bomba la milimita 150, na tuongeze baa 0.3 kwa ajili ya vifaa vya chumba cha pampu:

Kimo: 7.0
Presha ya kutoka mdomoni: 8.0
Msuguano wa bomba: 0.2
Vifaa vya chumba cha pampu: 0.3
Jumla: baa 15.5

Kwa hiyo tunatafuta pampu ya lita 1,500 kwa dakika kwa presha ya baa 15.5. Angalia vizuri zile namba: karibu zote zinatokana na kimo na mdomo. Ukubwa wa tenki haujaingia kabisa.

Umeme wake je? Lita 1,500 kwa dakika ni mita za ujazo 0.025 kwa sekunde. Zidisha na baa 15.5 (yaani paskali 1,550,000) unapata kilowati 38.75 zinazoingia kwenye maji. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 65 itataka kama kilowati 60 kwenye shafti yake, hivyo mota ya kilowati 75 ndiyo inayofaa. Hapo unaona kwa nini jenereta dogo la kuwasha taa za korido haliwezi kuibeba pampu hii, hasa wakati wa kuanza, mota inapovuta mkondo mkubwa mara kadhaa ya ule wa kawaida.

Pampu zinakuwa mbili: moja ya kazi, moja ya akiba. Na hapa kuna mtego. Kila moja inatakiwa iweze mzigo wote peke yake. Ukiweka pampu mbili za lita 750 ukaita hizo ni pampu mbili, huna akiba hata kidogo. Moja ikigoma umebaki na nusu ya maji. Pia nguvu zake zisitoke mahali pamoja. Utaratibu wa kawaida ni moja ya umeme na nyingine ya injini ya dizeli, kwa sababu mara nyingi umeme wa jengo linaloungua hukatwa, au hukatika wenyewe.

Pembeni utaona pampu ya tatu, kadogo kweli. Inaitwa joki. Kazi yake ni kufidia mvujo mdogo ili bomba libaki na presha muda wote, pampu kubwa isiamshwe kila valvu inapodondosha tone. Ukisikia joki inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache, jua kuna mahali panavuja.

Juu pameridhika, chini panalia

Tumeipa ghorofa ya 20 baa 8 zake. Sasa shuka hadi haidranti ya ghorofa ya chini. Iko mita 4.5 tu juu ya pampu, kwa hiyo kimo kinakula chini ya nusu baa. Pampu inatoa 15.5, na pale chini zinafika karibu 15.

Hapo bado maji yanatiririka. Funga valvu zote na pampu ikiendelea kuzunguka, presha inapanda zaidi, kwa sababu pampu ya namna hii inatoa presha kubwa zaidi pale isipopitisha maji. NFPA 20, kiwango cha Kimarekani cha pampu za moto, kinaruhusu presha hiyo ifike hadi asilimia 140 ya ile iliyoandikwa kwenye pampu. Kwetu hiyo ingekuwa baa 21.7. Ukichagua pampu yenye mkunjo wa taratibu, unaoishia asilimia 120, bado una baa 18.6.

Namba hii ina matokeo mawili. La kwanza ni la mabomba. Flenji na valvu nyingi zinazouzwa madukani zimeandikwa PN16, maana yake ni za baa 16. Kwenye besimenti ya jengo letu hazifai, zinahitajika PN25. Ukikuta PN16 kwenye sehemu ya chini ya bomba la jengo la ghorofa 20, uliza maswali.

La pili ni la binadamu. Mpira wa zimamoto ukipewa baa 15 unakuwa kama nyoka aliyekasirika, na hata wanaume watatu hawaushiki. Na ule mpira wa rili, ambao tulitaka kuunganisha kwenye pampu hii? Haukuundwa kwa presha hizi, na anayeushika ni mhasibu wa ghorofa ya pili ambaye hajawahi kushika mpira wa moto maishani. Ndiyo maana tunampa pampu yake. Hesabu ni ileile: kimo baa 7.0, presha ya kufanyia kazi kwenye rili baa 2.5, msuguano baa 0.5, jumla baa 10 kwa lita 60 kwa dakika. Hiyo ni pampu ya kilowati tatu hivi. Hata hii inahitaji valvu ya kupunguza presha kwa ghorofa za chini, ila ni kazi nyepesi zaidi.

Kwa haidranti, suluhisho la kawaida ni kuweka valvu ya kudhibiti presha kwenye kila ghorofa. Ndani yake kuna springi inayobana njia ya maji mpaka presha ya upande wa kutokea ishuke kwenye kiasi kilichowekwa. Ghorofa ya chini inabana sana, ghorofa ya 20 karibu isibane kabisa. Majengo marefu zaidi hugawanywa kanda mbili au zaidi, kila kanda na pampu zake.

Lakini valvu hizo zina hatari ya upande wa pili. Zikibanwa kupita kiasi, zinanyima maji watu walioko motoni. Hilo lilitokea Philadelphia, Marekani, usiku wa tarehe 23 Februari 1991, kwenye jengo la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38.

Moto ulianza ghorofa ya 22. Zimamoto walipanda, wakaunga mipira, wakafungua. Midomo ya mipira yao ilikuwa ya aina inayohitaji karibu baa 7 ili irushe maji vizuri. Valvu za kudhibiti presha zilikuwa zimewekwa kutoa chini ya baa 4. Maji yalikuwepo jengoni, ila mipirani yalikuwa dhaifu. Umeme nao ulikatika mapema, wa kawaida na wa dharura kwa pamoja, kwa sababu nyaya zote zilipita njia moja iliyoungua. Moto ukala ghorofa moja baada ya nyingine kwa saa nyingi, hadi ghorofa ya 30. Pale palikuwa na vinyunyizi vya dari vinavyojifungua vyenyewe kwa joto. Kumi kati yake vilifunguka, vikilishwa maji na magari ya zimamoto kutoka nje, na moto ukasimama hapo. Wazimamoto watatu walifariki ndani ya jengo lile.

Zingatia kwamba hakuna namba ya ukubwa wa pampu wala tenki iliyokuwa na maana pale. Kila kitu kiliishia kwenye springi ya valvu iliyowekwa bila kuuliza mdomo wa mpira unataka nini. Ndiyo ile tofauti ya 4 na 8. Kwa hiyo kabla ya kuandika presha yoyote kwenye mchoro, injinia anapaswa kuwauliza zimamoto wa mji wake: mnatumia midomo gani, na inataka baa ngapi?

Sasa tenki: dakika, siyo lita

Tumefika chini kabisa. Tenki la zimamoto linapimwa kwa muda: pampu ikifanya kazi kwa ukamilifu, maji yadumu dakika ngapi? BS 9990 inataka dakika 45. Kwa jengo letu:

Haidranti: 1,500 × 45 = lita 67,500
Rili, tukitumia dakika zilezile: 60 × 45 = lita 2,700
Jumla: lita 70,200, yaani mita za ujazo 70.2

Baada ya dakika 45 inakuwaje? Magari ya zimamoto yanatarajiwa yawe yameshaanza kujaza kupitia mdomo maalum ulioko nje ya jengo. Ila tuwe wakweli kuhusu kiasi chake. Boza la lita 10,000 ukiligawa kwa 1,500 linakuongezea chini ya dakika 7. Ili kuendana na pampu unahitaji maboza tisa kwa saa, kila moja limepata njia kwenye foleni. Kwa hiyo zile lita 70,200 za mwanzo ndizo unazoweza kuzitegemea kweli.

Basi tujenge tenki. Besimenti ina nafasi ya mita 6 kwa 5, sakafu ya mita za mraba 30. Mtu anagawa 70.2 kwa 30, anapata kina cha mita 2.34, anachora, anajenga. Kwenye karatasi ujazo umetimia. Kwenye moto hautatimia, na sababu iko sehemu mbili.

Chini ya tenki, bomba la kunyonya haliwezi kuchukua maji ya mwisho. Maji yakikaribia mdomo wa bomba hutengeneza kizunguzungu, kama unachokiona sinki linapomalizika. Kizunguzungu kinavuta hewa, na pampu ikimeza hewa inapoteza presha ghafla. Tukichukulia sentimita 40 za chini hazitumiki, hayo ni maji mfu. Juu nako, maji hayafiki kwenye dari: boya linafunga mapema, na pana nafasi ya bomba la kumwagia ziada. Weka sentimita 30.

Kwenye lile tenki la mita 2.34, kina kinachotumika ni 2.34 − 0.7 = mita 1.64. Zidisha na 30, unapata mita za ujazo 49.2. Kwa pampu zote mbili zikivuta lita 1,560 kwa dakika, hayo ni dakika 31 na nusu. Dakika zaidi ya 13 zimepotea, na hakuna aliyeiba hata ndoo. Tenki sahihi lilitakiwa liwe na kina cha 2.34 + 0.7, yaani mita 3.04. Kama besimenti haina kimo hicho, unaweza kuchimba shimo dogo chini ya bomba la kunyonya, au kuweka bamba la kuzuia kizunguzungu, ili maji mfu yapungue.

Kuna na mwizi wa kawaida zaidi: matumizi ya kila siku. Majengo mengi yanatumia tenki moja kwa zimamoto na kwa vyoo na jikoni. Siyo vibaya, na inasaidia maji yasikae yakaoza. Sharti lake ni kwamba bomba la matumizi ya kila siku lichukue maji kutoka juu ya usawa wa akiba ya moto. Kwenye mfano wetu litoke mita 2.74 kutoka sakafu ya tenki (mita 0.4 mfu, na mita 2.34 za akiba), na tenki lenyewe liwe refu zaidi ya mita 3.04 ili pawe na maji ya matumizi juu ya hapo. Maji ya mgao yakikatika wiki nzima, wakazi watalalamika vyoo vimekauka, ila akiba itabaki. Mabomba yote mawili yakinyonya usawa mmoja, wakazi hawatalalamika mpaka tenki liwe tupu kabisa, na siku hiyo ndiyo jengo halina kinga. Kulikagua hili huhitaji kipimo chochote. Ingia chumba cha pampu, angalia mabomba mawili yanayotoka tenkini, ulinganishe kimo chake.

Utajuaje kama jengo lako liko sawa?

Makosa haya yote yana tabia moja: hayaonekani maji yakiwa yamesimama. Geji ya ghorofa ya 20 inaweza kukuonyesha baa 9 nzuri kabisa valvu ikiwa imefungwa, ikaanguka hadi baa 3 ukiifungua. Maji yaliyosimama hayana msuguano. Bomba jembamba, valvu iliyobanwa kupita kiasi, kichujio kilichoziba, pampu iliyochakaa, vyote vinajificha nyuma ya geji ya maji yaliyosimama. Kwa hiyo mtu akikuambia mfumo umepimwa, swali la kwanza ni: maji yalikuwa yanatembea?

Jaribio lenye maana linafanywa hivi. Fungua haidranti mbili za juu kabisa kwa pamoja, maji yakielekezwa mahali salama kama bomba la kumwagia, huku kila moja ikiwa na kipima mtiririko na geji. Kama kila moja inatoa lita 750 kwa dakika na geji inasoma karibu baa 8, bomba, valvu na pampu vimefaulu mtihani wa pamoja. Kule chini, pampu yenyewe inapimwa kupitia bomba la majaribio linalorudisha maji tenkini, katika hatua tatu: bila mtiririko, kwa lita 1,500, na kwa lita 2,250, ambayo ni asilimia 150. NFPA 20 inataka katika hatua hiyo ya mwisho pampu ibaki na angalau asilimia 65 ya presha yake. Kwetu ni baa 10.1. Ukirudia kila mwaka na kuchora namba hizo kwenye grafu moja, utaona pampu inavyochoka miaka kadhaa kabla haijakuangusha.

Na siku ukifanya jaribio la haidranti mbili za juu, usifunge baada ya dakika mbili ukaridhika. Weka mtu tenkini na rula ndefu. Kwa lita 1,500 kwa dakika, kwenye tenki la mita za mraba 30, maji yanatakiwa yashuke sentimita 5 kila dakika. Acha yashuke dakika 10, sentimita 50, huku valvu ya kujazia ikiwa imefungwa, kisha angalia yamebaki sentimita ngapi mpaka kwenye sakafu ya tenki. Toa sentimita za maji mfu, gawa kwa 5, ongeza zile dakika 10 ulizokwisha kutumia. Hizo ndizo dakika ambazo jengo lako linazo kwa haidranti.